Mizania Iliyokataa Kulingana

Kazini na darasani, karibu watu wote walimwita Keshia. Hospitali ile ina madirisha matatu ya malipo, naye alikuwa amekaa kwenye dirisha la pili tangu kabla mimi sijaanza kufundisha. Kioo chake kina upenyo chini wa kupitishia pesa na risiti, na juu kidogo vitundu vya kupitishia sauti. Vitundu hivyo havipitishi sauti vizuri, kwa hiyo kila anayelipa huinama. Aliwahi kuniambia kwamba katika maisha yake ya kazi ameona mapaji ya nyuso mengi kuliko macho.

Alikuja chuoni kwetu akiwa mtu mzima, masomo ya jioni, akitokea zamu moja kwa moja. Sweta la hospitali halikumtoka mwilini. Alikaa mstari wa pili, kiti cha karibu na mlango, ili akiitwa kazini aondoke bila kusumbua watu. Hakuwahi kuitwa, na hakuwahi kuhama kiti. Vijana waliokuwa nyuma yake walimtegemea kama saa ya ukutani: mimi nikikosea kujumlisha ubaoni, hawakuinua vichwa, walisubiri tu Keshia akohoe.

Kwa hiyo matokeo ya somo la uhasibu wa fedha yalipotoka, na mimi nikayaona kabla hayajabandikwa, niliirudia safu yake mara kadhaa kwa kidole. Alikuwa na alama arobaini na saba. Kufaulu ni hamsini.

Chuo chetu kina utaratibu. Mwanafunzi aliyeanguka kwa alama chache haachwi hivi hivi. Mwalimu wa somo humwandikia barua ya kumweleza wapi alipungukiwa na namna atakavyojiandaa kwa mtihani wa marudio. Nakala huenda kwa mkuu wa idara, na kama mwanafunzi analipiwa na mwajiri, nakala nyingine huenda huko. Keshia alikuwa analipiwa na hospitali. Nilijua hiyo nakala ingetua juu ya meza ya nani. Mhasibu mkuu wa hospitali alikuwa amemwekea Keshia nafasi ghorofani, meza ya kufuatilia madai ya kampuni za bima, mahali penye dirisha linaloangalia mti badala ya foleni. Sharti lilikuwa cheti. Marudio yakimshinda, angerudia mwaka mzima, hospitali isingelipa tena, na meza ile ingetangazwa gazetini. Keshia angebaki nyuma ya kioo hadi astaafu.

Mkuu wa idara alitupa mfano wa barua, ule ule wa kila mwaka. *Unashauriwa kurejea mada zote, kufanya mazoezi ya kutosha na kujipanga vizuri kimuda.* Unachobadilisha ni jina tu. Nilikuwa na barua nyingi za namna hiyo za kuandika na macho yalikuwa yananiwasha kwa kusahihisha. Nilijaza jina lake. Halafu nikashindwa kuitia sahihi. Kumwambia mwanamke yule ajipange vizuri ilikuwa kama kumwambia maji yalowe. Nikaenda kabatini kutafuta kijitabu chake cha majibu.

Swali la kwanza lilikuwa la hesabu za mwisho wa mwaka za mfanyabiashara mmoja: faida na hasara, kisha mizania, ile taarifa ya kuonyesha mali upande mmoja na, upande wa pili, madeni pamoja na mtaji vilivyotumika kuzipata mali hizo. Pande mbili lazima zilingane. Za Keshia hazikulingana. Zilitofautiana kwa elfu nane na mia nne.

Pambizoni mwa ukurasa ndipo nilipomwona, kama vile nimesimama nyuma yake chumbani. Alikuwa amegawanya tofauti ile kwa mbili, kuona kama kuna kiasi alichokiweka upande usio wake. Hakukuta. Akagawanya kwa tisa, kuona kama amegeuza tarakimu mbili, sitini na tatu ikawa thelathini na sita. Haikugawanyika. Vipimo hivyo ni sahihi, kila mtu wa hesabu anavijua. Baada ya hapo akaanza kujumlisha upya. Alijumlisha mali kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, akaandika majumlisho yake kwa penseli, madogo madogo, hadi pambizo likajaa, akahamia ukurasa wa pili. Majumlisho yote yalikuwa sawa. Kujumlisha hakukuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa bima. Mfanyabiashara alikuwa amelipa bima ya mwaka ujao kabla ya wakati, elfu nane na mia nne. Keshia aliitoa kwenye gharama za mwaka huu, kama inavyotakiwa, akapata alama yake. Halafu akasahau kuiandika kwenye mizania kama mali, maana ni huduma ambayo biashara imeshailipia na bado inaidai. Lilikuwa kosa la alama moja. Kwa ajili ya alama hiyo moja aliharakisha swali la pili na la tatu, na swali la nne, lenye alama ishirini, aliandika namba yake tu, akaipigia mstari chini. Chini ya mstari hapakuwa na kitu.

Swali lenyewe la nne lilikuwa la kufafanua kwa nini biashara inapata faida zaidi kila mwaka huku fedha taslimu zikipungua. Jibu lilikuwa kwamba wadaiwa wanachelewa kulipa. Kama kuna mtu katika mji ule aliyejua jinsi bima zinavyochelewa kulipa na hospitali inavyobaki na faida ya kwenye karatasi, ni Keshia wa dirisha la pili.

Niliichana barua ya mfano nikaandika nyingine.

*Dada yangu,* niliandika, halafu nikafuta, maana nakala ingeenda kwa mwajiri, nikaweka *Mpendwa mwanafunzi.*

*Hukuanguka kwa kutojua. Ulianguka kwa kutafuta. Mtihani una dakika mia na themanini na alama mia moja, kwa hiyo swali la alama ishirini lina haki ya dakika thelathini na sita, na wewe ulizitumia zote, na zaidi, mahali pengine. Kwa marudio tutafanya hivi. Wiki ya kwanza, marekebisho ya mwisho wa mwaka peke yake: kila rekebisho linagusa sehemu mbili, basi kila rekebisho lipigiwe alama ya vema mara mbili, moja likiingia kwenye faida na hasara, ya pili likiingia kwenye mizania. Lisilo na vema mbili halijaisha. Wiki ya pili, akaunti za udhibiti na usuluhishi wa benki. Ya tatu, kuuza mali za kudumu na uchakavu wake. Kila Jumamosi utaandika jibu moja la ufafanuzi, kwa sentensi kamili. Baada ya hapo ni mitihani ya zamani, kwa saa. Na sharti moja la kila zoezi: muda wa swali ukiisha na mizania haijalingana, iache. Geuza ukurasa. Niletee ikiwa hivyo hivyo, haijalingana.*

Nilimweleza pia yaliyo kwenye kanuni: kwamba marudio hayazidi alama hamsini hata angepata mia, na kwamba ni mara moja tu.

Alikuja kuichukua mwenyewe. Alisoma amesimama, mkoba begani.

“Mwalimu, hili sharti la mwisho,” alisema, “ni la kwangu peke yangu au la darasa zima?”

“La kwako.”

“Yaani unanifundisha uzembe.”

“Nakufundisha kufaulu.”

“Haya.” Aliikunja barua mara nne. “Wengine mnawafundisha wasiache, mimi ndiyo niache. Kweli uzee ni kazi.”

Hakuleta mazoezi ya kwanza mwenyewe. Yaliletwa na mdogo wake, fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni kama shanga, ambaye alikaa kwenye kiti changu cha wageni bila kukaribishwa na kuzungusha macho ofisini.

“Kumbe ni wewe unayemsumbua dada yangu,” alisema.

“Ndiye mimi.”

“Endelea. Mimi nimeshindwa.” Aliweka karatasi mezani. “Mwalimu, huyu mtu ukimtuma vifungo kumi na viwili, anavihesabu dukani, anavihesabu njiani, akifika ananihesabia mbele yangu. Siku moja kilipungua kimoja. Tulikesha tunafagia! Kesho yake nikakiona kwenye pindo la sketi yake. Nikamwambia, dada, kifungo kimoja kingetudhuru nini? Akanijibu, kifungo hakina dhara, dhara ni kutojua kiko wapi.”

Nilicheka, na yeye akacheka, kisha akaacha ghafla.

“Alipoanza dirishani, miaka ile, mwezi wa kwanza walimkata mshahara kwa upungufu ambao hakuuona ulipotokea. Mimi nilikuwa bado nasoma. Karo yangu ndiyo ilikuwa kwenye ule mshahara.” Aliizungusha futi kidoleni. “Nikaingia kwenye cherehani. Mimi sikumbuki hata kulia, naipenda kazi yangu. Ila yeye hajafunga zamu na pengo tangu siku ile.”

Baada ya yeye kuondoka nilizipitia karatasi. Mizania zote zililingana. Nilipoinua moja kwenye mwanga wa dirisha niliona palipofutwa.

Jioni ile nilimbakiza Keshia darasani.

“Hii uliimaliza ndani ya muda?”

“Niliimaliza, Mwalimu.”

“Na mizania ililingana?”

“Ililingana.”

“Ndani ya muda?”

Alitazama viatu vyake. “Baadaye kidogo.”

“Kidogo kiasi gani?”

“Nilisikia cherehani inaanza, ndiyo nikajua kumekucha.”

“Keshia!”

“Nikiiacha, silali, Mwalimu. Sasa kama silali, si bora niifanyie kazi?”

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimechoka uchovu ule wa mwalimu, usiotokana na kusimama bali na kusema jambo lile lile kwa maneno mapya. Wiki zilikuwa zinakwenda. Jibu lake la ufafanuzi lilikuja mara moja tu, limeandikwa kwa haraka, na hata hivyo lilikuwa zuri kuliko la mwanafunzi yeyote wa mwaka ule. Hilo ndilo lililoniuma. Niliandika barua ya pili, kali, ya kumwambia kwamba kama hafuati mpango mimi najitoa, na nikaamua kuipeleka mwenyewe hospitalini ili nisije nikabadili mawazo.

Nilifika zamu ya mchana inafungwa. Foleni ilikuwa imekwisha, mabenchi yamebaki na watu wachache wanaosubiri wagonjwa wao. Mtu wa nje haruhusiwi kuingia chumba cha malipo, kwa hiyo nilienda kwenye dirisha la pili na kuinama kama kila mtu. Keshia hakuniona. Alikuwa anahesabu. Dirisha la kwanza na la tatu yalikuwa yameshashushwa mapazia.

Nyuma yake alisimama msimamizi wa zamu, mzee mnene mwenye miwani iliyopandishwa juu ya kichwa.

“Mama, andika tofauti, weka sahihi, nenda nyumbani,” alimwambia. “Mkaguzi wa asubuhi ataiona.”

“Nipe dakika tano, Mzee.”

“Dakika tano zako nazijua. Huzaa.”

“Basi nipe hizo hizo, nitawalea watoto wake mwenyewe.”

“Mke wangu anadhani nina mwanamke hospitali hii. Nikimwambia nasubiri keshia atafute pesa kidogo zilizopotea, haamini. Hata mimi nisingeamini.” Alifungua droo, akatoa kijitabu kipya kabisa kilichofungwa kwenye nailoni. “Hiki nilikupa mwaka ambao mwanangu wa kwanza alianza shule. Sasa ana ndevu. Nailoni hujatoa!”

Ndipo akaniona. “Tumefunga, dada. Nenda kalipie kule kitengo cha dharura.”

“Nimekuja kwa Keshia. Mimi ni mwalimu wake.”

“Afadhali,” alisema mzee, na akamwekea kijitabu mbele. “Labda wewe atakusikiliza.”

Nilimwuliza hicho ni kitu gani. Akanieleza, akifurahi kupata mtu wa kumsikiliza. Kila keshia hupewa kijitabu cha tofauti. Fedha zisipolingana na mashine, na muda wa zamu umeisha, keshia huandika kiasi, huweka sahihi, hufungia fedha zake kwenye mfuko wa lakiri na kukabidhi. Asubuhi mkaguzi hutafuta kwa macho mapya. Akipata, basi. Asipopata, upungufu hukatwa kwenye mshahara. Makeshia wengine walikuwa wameshamaliza vijitabu viwili vitatu.

Nilikuwa na barua yangu kali mkononi. Niliisoma tena, nimesimama pale, nikaona ni barua ya mtu ambaye hajawahi kuinama kwenye dirisha hili. Nikaigeuza, nikaiweka kwenye ukingo wa mbao, nikaandika nyuma yake:

*Chini ya mizania isiyolingana andika “Tofauti” na kiasi chake. Piga mistari miwili. Geuza ukurasa. Huiachi ovyo, unaikabidhi. Anayesahihisha ndiye zamu ya asubuhi. Kuitafuta ni kazi yake. Hupati alama kwa kuiandika, lakini pia hupotezi. Wahasibu wenyewe wana akaunti ya kusubirisha, ambamo tofauti hukaa hadi siku itakapojulikana imetoka wapi, na hakuna anayewaita wazembe.*

Niliipitisha kwenye upenyo wa chini. Aliisoma bila kugusa fedha zilizokuwa mbele yake.

“Mwalimu,” alisema kupitia vile vitundu, nami nikainama zaidi nisikie, “na kama zamu ya asubuhi ni mjinga?”

“Basi ni mjinga. Wewe utakuwa swali la pili.”

Mzee alishusha miwani kutoka kichwani akaivaa, nadhani ili ashuhudie vizuri. Keshia alijaribu kuichana nailoni kwa kucha, ikamshinda kwa sababu ya ugumu wa miaka, akaichana kwa meno. Aliandika. Aliweka sahihi, sahihi yake ile yenye mkia mrefu ninayoijua kutoka kwenye daftari la mahudhurio. Kisha akakaa, mikono mapajani, kama mtu aliyetoka kufiwa.

“Haya, ondokeni wote,” mzee alisema kwa upole. “Kabla hajabadili mawazo.”

Kesho yake jioni aliingia darasani akiwa amekasirika kiasi cha kusahau kusalimia.

“Imeonekana,” alisema. “Mgonjwa alilipa kwa simu, mimi nikabonyeza taslimu. Mkaguzi kaiona kwa dakika mbili, Mwalimu! Dakika mbili! Alikuwa anakunywa chai!”

“Na wewe ungeitafuta wapi?”

“Kwenye noti.” Alikaa kitini kwake, karibu na mlango. “Ningehesabu noti mpaka leo hii.”

Zoezi lililofuata lilikuja na mizania isiyolingana. Chini yake, *Tofauti*, kiasi, mistari miwili. Kwenye neno lile kalamu ilikuwa imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka, lakini ukurasa uliofuata ulikuwa na swali la pili, na uliofuata la tatu, na la nne. Nilisahihisha zoezi lile nikiwa jikoni, nimesimama, sikusubiri hata kukaa.

Mtihani wa marudio ulisimamiwa na walimu wa idara nyingine, kama kanuni inavyotaka. Vijitabu vya majibu nililetewa siku iliyofuata, vyenye namba tu, bila majina. Hivyo ndivyo tunavyosahihisha: hujui ni nani. Nilikuwa katikati ya rundo nilipofungua ukurasa wa mizania ya mmoja, nikaona pande mbili hazilingani, na chini yake neno *Tofauti*, na kiasi, na mistari miwili. Na pembeni ya mistari, sahihi yenye mkia mrefu.

Nilikifunga kijitabu haraka kana kwamba kimenichoma.

Mtahiniwa haruhusiwi kuandika jina wala sahihi popote. Kijitabu chenye alama ya kumtambulisha mwenyewe hupelekwa kwa mkuu wa idara, husahihishwa na mtu asiyemfundisha mtahiniwa, na kamati ya mitihani huamua kama kinafutwa au la. Keshia alijua kanuni hiyo, ilikuwa imechapwa kwenye jalada. Lakini mkono uliofungua kijitabu cha tofauti kwa mara ya kwanza mbele yangu ulikuwa umejifunza jambo lile kwa ukamilifu wake: kiasi, kisha sahihi. Mimi sikuandika neno sahihi kwenye maelekezo yangu. Sikuandika pia kwamba asiweke.

Nilikuwa na wino mweupe wa kufutia kwenye droo. Niliutazama kwa muda. Kisha nikachukua kijitabu na kwenda nacho kwa mkuu wa idara, nikimweleza tangu mlangoni ili nisipate nafasi ya kurudi.

“Ameweka sahihi kwenye mizania?” aliuliza. “Kama kwenye hundi?”

“Kama mtu anayefunga zamu.”

“Wewe ndiye uliyemfundisha hivi?”

“Nilimfundisha kuandika tofauti na kuendelea. Sahihi ni ya kwake.”

Alifungua ukurasa, akatikisa kichwa, akaanza kucheka kicheko cha mtu ambaye hana nguvu ya kukasirika. “Miaka yangu yote hapa nimeona wanaoandika aya za vitabu vya dini kwenye majibu, nimeona walioandika namba za simu. Huyu wa kwako anakabidhi ofisi.” Alikifunga kijitabu. “Nitampa mwenzako anayefundisha ukaguzi asahihishe. Na nitaandika kwenye kamati. Wewe usikiguse tena.”

“Hata kujua amefanyaje?”

“Hata hilo.”

Nilimweleza Keshia mwenyewe, sikutaka asikie kwenye korido. Alikuwa amekuja kuuliza tarehe ya matokeo. Alisikiliza, akaweka kiganja kwenye paji la uso.

“Yaani nimeshinda kote, nimejikwaa kwa sahihi.”

“Huenda wasikifute.”

“Huenda.” Akakaa. “Unajua, Mwalimu, sikumbuki kuiweka. Nakumbuka tofauti, nakumbuka mistari, nakumbuka nimegeuza ukurasa na moyo unaniambia rudi. Sahihi siikumbuki kabisa.”

“Uliandika swali la nne?”

“Nililiandika mpaka karatasi ikaniishia, nikaomba nyingine.” Kwa mara ya kwanza tangu aingie alitabasamu kidogo. “Niliwaeleza habari za bima. Kama wamenifuta, wamefuta ukweli mtupu.”

Kamati ilikaa. Walimpa onyo la maandishi, kwa kuwa mkuu wa idara aliwaeleza kazi yake na kwa kuwa haikuonekana kwamba alikuwa na nia ya kupendelewa. Alama zake zikabaki. Ilibandikwa hamsini, kwa sababu marudio hayazidi hapo. Alizopata hasa zilibaki kwenye faili ambalo si letu. Mhasibu mkuu wa hospitali alipokea nakala. Meza ya ghorofani haikutangazwa.

Alikuja kuniaga akiwa bado na sweta lile lile. Mdogo wake alikuwa amemshonea sketi mpya ya kuanzia kazi, na Keshia alisimama nayo mbele yangu akizunguka kidogo kwa aibu.

“Vifungo vimekamilika?” nilimwuliza.

“Nimehesabu,” alisema, na tukacheka wote wawili.

Hakuondoka. Alishika mgongo wa kiti cha wageni, akakiacha, akakishika tena.

“Mwalimu, ile tofauti. Kwenye marudio.”

“Ndiyo.”

“Ilikuwa wapi?”

Nilijua angeuliza. Nilimwambia ukweli, kwamba niliuona ukurasa kwa kufumba na kufumbua, nikaona sahihi, nikafunga. Kwamba aliyesahihisha haruhusiwi kunieleza. Kwamba vijitabu vya marudio haviletwi kwa wanafunzi, hufungiwa stoo na baadaye huchomwa.

“Kwa hiyo hujui.”

“Sijui.”

“Na mimi sitajua.”

“Hapana.”

Alitazama dirishani, chini uani, ambapo mlinzi alikuwa anafunga geti dogo. Nilimwona akijumlisha kitu kichwani, midomo ikitikisika kidogo. Kisha midomo ikatulia.

“Haya,” alisema. “Zamu ya asubuhi inajua.”

Akavaa mkoba begani na kuteremka ngazi. Nilibaki na rundo la barua za kuandika za mwaka mpya wa masomo, mfano ule ule wa mkuu wa idara juu yake, nikainuka kwenda kabatini.